Deni Linalogeuka Upande: Benki Inavyopima Hatari ya Swapu

Tarehe 18 Juni 1987, benki ya Kijerumani iitwayo Westdeutsche Landesbank iliipa halmashauri ya Islington, kaskazini mwa London, pauni milioni 2.5 taslimu. Haukuwa mkopo, angalau kwenye makaratasi. Zilikuwa fedha za kufungulia mkataba wa miaka 10 wa kubadilishana riba, ule ambao watu wa mabenki huuita swapu. Kila baada ya miezi sita benki ingelipa riba ya asilimia 7.5 kwa mwaka juu ya pauni milioni 25, na halmashauri ingelipa riba ya soko la London, iliyojulikana kama Libor, juu ya kiasi hichohicho. Zile milioni 25 zenyewe hakuna aliyempa mwenzake. Zilikuwa kipimo tu cha kukokotolea riba. Na kwa kuwa pande zote mbili zinadaiana siku moja, kinacholipwa ni tofauti tu: Libor ikiwa juu ya 7.5 halmashauri inalipa, ikiwa chini benki inalipa.

Kwa nini benki itoe milioni 2.5 siku ya kwanza? Kwa sababu 7.5 ilikuwa chini ya riba ya soko ya wakati ule. Aliyekubali kupokea riba hafifu namna hiyo alistahili kufidiwa, na fidia ikatolewa papo hapo. Halmashauri za Uingereza zilikuwa zimebanwa na serikali ya Margaret Thatcher kuhusu kodi wanazotoza na fedha wanazotumia, na fedha taslimu ya leo iliwavutia kuliko hesabu ya miaka 10 ijayo.

Malipo manne ya kwanza yanajulikana hadi senti, kwa kuwa baadaye yalisomwa mahakamani. Desemba 1987 Islington ililipa pauni 172,345.89. Juni 1988 ikalipa 229,666.09, na Desemba mwaka huohuo 259,054.56. Juni 1989 malipo yaliruka hadi 693,407.53. Tofauti ya riba inayozaa malipo hayo ya mwisho ni kama asilimia 5.5 kwa mwaka, maana yake Libor ilikuwa imefika 13. Uingereza ilikuwa inapambana na mfumuko wa bei, na riba ya Benki Kuu yake ilipanda kutoka asilimia 7.5 Mei 1988 hadi 15 Oktoba 1989.

Malipo ya Desemba 1989 hayakuja. Mwezi mmoja na nusu kabla yake, mahakama ilikuwa imeamua kwamba halmashauri nyingine ya London, Hammersmith na Fulham, haikuwa na mamlaka kisheria ya kuingia mikataba ya aina hii. Tarehe 24 Januari 1991 Baraza la Malodi, lililokuwa mahakama ya juu kabisa ya Uingereza, lilithibitisha kwamba swapu zote za halmashauri ni batili tangu siku zilipotiwa saini. Makumi ya mabenki yalijikuta yanadai watu ambao sheria inasema hawadaiwi, na hasara yake ilihesabiwa kwa mamia ya mamilioni ya pauni.

Sasa, Westdeutsche ilikuwa hatarini kwa kiasi gani siku ile Islington ilipoacha kulipa? Jibu la haraka ni milioni 25, nalo ni kosa, kwa kuwa milioni 25 hazikutoka mfukoni mwa mtu. Wengine watajibu kwamba ni yale malipo ya Desemba yaliyokosekana. Hilo nalo ni dogo mno. Benki imepoteza mkataba mzima wa miaka saba na nusu iliyosalia, na thamani ya mkataba huo ni bei ambayo benki ingelazimika kulipa sokoni ili mtu mwingine akubali kukaa kwenye kiti cha Islington kwa masharti yaleyale. Tufanye kwamba riba ya soko kwa miaka saba ilikuwa asilimia 11. Mwenye haki ya kupokea riba ya soko kwa kulipa 7.5 tu anafaidi asilimia 3.5 kwa mwaka juu ya milioni 25, yaani pauni 875,000 kila mwaka. Ukizirudisha fedha za miaka hiyo yote kwenye thamani ya siku ile kwa riba ya 11, unapata kama pauni milioni 4.3. Hicho ndicho kiasi kilicho hatarini: gharama ya kuubadilisha mkataba uliokufa kwa mkataba hai.

Mtu anaweza kuuliza kama benki haikujikinga. Mabenki yalijikinga sana. Kwa kila swapu na halmashauri, benki makini ilifunga swapu ya kinyume na benki nyingine, ili riba ikipanda faida ya upande huu ifute hasara ya upande ule. Daftari likawa bapa kabisa dhidi ya riba. Lakini halmashauri ikitoweka, ile swapu ya kujikinga inabaki, na yenyewe inadai kulipwa. Kinga dhidi ya bei haimkingi mtu dhidi ya mwenzake kutolipa, na kwa maoni yangu hapo ndipo swapu inapowachanganya hata wahasibu hodari.

Tugeuze sarafu upande wa pili. Septemba 1992 pauni ilitolewa kwenye mfumo wa Ulaya wa kufunga viwango vya fedha, na riba ya Uingereza ikaporomoka hadi asilimia 6 Januari 1993. Kama mkataba wa Islington ungekuwa hai, kwa Libor ya 6 benki ndiyo ingekuwa inalipa: asilimia 1.5 kwa mwaka juu ya milioni 25, yaani kama pauni 187,500 kila nusu mwaka. Hadi mkataba ulipotarajiwa kwisha Juni 1997 riba ya Benki Kuu haikurudi tena juu ya 7.5. Mkataba uleule, bila neno kubadilishwa, ulikuwa mali ya benki mwaka 1989 na ungekuwa mzigo wake mwaka 1993.

Na mkataba ukiwa mzigo, je, mwenzako akifilisika unapata nafuu? Hapana. Msimamizi wa mufilisi atakuja na karatasi kudai thamani ya mkataba, kwa kuwa kwake yeye ni mali. Mikataba ya mwanzoni ya chama cha kimataifa cha wafanyabiashara wa swapu, ISDA, iliweza kumruhusu asiye na kosa aondoke bila kulipa. Toleo la mwaka 2002 liliondoa mwanya huo. Kwa hiyo mizani haiko sawa. Mkataba ukiwa na thamani ya milioni 4 kwako na mwenzako akaanguka, unapoteza hadi milioni 4. Ukiwa na thamani ya hasi milioni 4, unabaki ulipokuwa. Kiasi kilicho hatarini ni thamani ya mkataba inapokuwa chanya, na sifuri inapokuwa hasi.

Kukosa usawa huko kunazaa jambo ambalo mkopo wa kawaida hauna. Anayekopesha milioni 25 anajua leo kwamba mwakani atakuwa anadai milioni 25, au chini kidogo kama mkopaji anarejesha. Mwenye swapu hajui hata kama mwakani atakuwa mdai au mdaiwa. Hivyo namba ya leo haimfai. Inabidi akisie siku zote zijazo, na kwa kila siku akisie hali nyingi.

Kompyuta za mabenki hufanya hivyo kwa maelfu ya njia za riba za kubuni, lakini sarafu moja inatosha kuonyesha kinachotokea. Chukua swapu ya miaka mitano ya dola milioni 100. Sisi tunalipa asilimia 5 isiyobadilika na kupokea riba ya soko, mara moja kwa mwaka. Leo riba ya soko nayo ni 5 kwa miaka yote, hivyo mkataba hauna thamani kwa yeyote. Kila mwisho wa mwaka tunarusha sarafu: kichwa, riba ya miaka yote iliyosalia inapanda asilimia moja, mkia, inashuka asilimia moja. Tuache kurudisha fedha za baadaye kwenye thamani ya leo, ili hesabu ibaki nyepesi.

Mwaka wa kwanza ukiisha na malipo yake kufanyika, yamebaki malipo manne. Riba ikiwa 6, kila malipo yanatuletea dola milioni 1, kwa hiyo mkataba una thamani ya milioni 4. Riba ikiwa 4, thamani ni hasi milioni 4. Wastani wa thamani ni sifuri, kama ulivyokuwa siku ya kwanza. Lakini wastani wa kiasi kilicho hatarini si sifuri. Ni nusu ya milioni 4 kujumlisha nusu ya sifuri, yaani milioni 2.

Mwisho wa mwaka wa pili yamebaki malipo matatu. Kuna nafasi moja kati ya nne ya riba kuwa 7, na hapo mkataba una thamani ya milioni 6. Nafasi mbili kati ya nne riba imerudi 5 na thamani ni sifuri, na nafasi moja imeshuka hadi 3, ambako sisi ndio wadaiwa. Wastani wa sehemu chanya ni robo ya milioni 6, yaani milioni 1.5. Mwaka wa tatu riba inaweza kuwa 8 kwa nafasi moja kati ya nane, au 6 kwa nafasi tatu kati ya nane. Yakiwa yamebaki malipo mawili, thamani zake ni milioni 6 na milioni 2, na wastani wa sehemu chanya unatoka tena milioni 1.5. Mwaka wa nne limebaki lipo moja tu, na wastani umeshuka hadi dola 750,000. Mwaka wa tano hakuna kilichobaki kulipwa, na hatari imekwisha.

Ukichora namba hizo unapata kilima: kinaanza sifuri, kinapanda haraka, kisha kinateremka polepole hadi sifuri tena. Nguvu mbili zinavutana. Kadiri muda unavyopita riba inapata nafasi ya kwenda mbali na ilipoanzia, na hilo linaongeza hatari. Wakati huohuo malipo yanazidi kupungua, na hilo linaipunguza. Ukirusha sarafu kila mwezi badala ya kila mwaka, kilele hukaa karibu na theluthi ya kwanza ya maisha ya mkataba, kama mwezi wa 20 kwa swapu ya miaka mitano. Swapu ya kubadilishana sarafu za nchi mbili haina umbo hilo, kwa sababu pale mitaji yenyewe hubadilishwa siku ya mwisho. Hatari yake huendelea kukua hadi mwisho kabisa, na ndiyo maana mabenki huiogopa zaidi.

Baada ya kilima kuchorwa, hupatikana namba moja inayokibeba chote: wastani wa urefu wake katika muda wote wa mkataba. Katika mfano wetu ni 2 jumlisha 1.5, 1.5 na 0.75, jumla 5.75, gawanya kwa miaka mitano. Tunapata dola milioni 1.15. Wakaguzi na wasimamizi wa mabenki huuita wastani wa kiasi chanya kinachotarajiwa kuwa hatarini, na kwenye ripoti huonekana kwa herufi tatu, EPE. Angalia ukubwa wake: mkataba unatajwa kuwa wa milioni 100, lakini kwa upande wa hatari ya mwenza unafanana na mkopo wa milioni 1.15.

Kufanana huko na mkopo ndiko kunakoipa namba hii kazi. Tuseme mwenzetu ana uwezekano wa asilimia 1 kila mwaka wa kushindwa kulipa, na akishindwa tutaokoa senti 40 katika kila dola, hivyo tutapoteza 60. Hasara inayotarajiwa kwa miaka mitano ni milioni 1.15, mara asilimia 1, mara asilimia 60, mara tano: dola 34,500. Hicho ni kiasi ambacho benki inapaswa kukiingiza kwenye bei ya swapu siku ya kwanza. Isipokiingiza, imempa mteja bima bila malipo. Na mteja naye ana kilima chake mwenyewe upande wa pili, kwa kuwa benki pia hufilisika. Kampuni nyingi zilianza kukumbuka jambo hilo Septemba 2008, Lehman Brothers ilipoanguka.

Udhaifu wa EPE ni kwamba wastani huficha kilele. Katika mfano wetu ipo hali ambayo tunapoteza milioni 6, zaidi ya mara tano ya EPE. Kwa hiyo afisa anayepanga kikomo cha biashara na mteja hatumii EPE. Hutazama ukingo wa juu wa njia zote, kwa mfano kile kiwango ambacho njia 95 kati ya 100 haziuvuki. EPE ni ya kupangia bei na mtaji, na ukingo wa juu ni wa kujua mahali pa kusema basi. Nimesoma zaidi ya mara moja taarifa za kampuni zinazoweka namba hizo mbili safu moja kana kwamba zinapima kitu kimoja.

Kingine ni mahali kilima kinapoanzia. Mfano wetu ulianza sifuri kwa kuwa bei ilikuwa ya haki kwa pande zote. Wa Islington haukuanza sifuri. Benki ilikuwa imeshatoa milioni 2.5, na ilitegemea kuzirudisha kidogo kidogo kupitia malipo ya halmashauri. Tangu asubuhi ya kwanza ilikuwa inadai. Kwa lugha ya kawaida huo ni mkopo uliovikwa nguo za swapu, na yeyote anayepima hatari yake kwa kanuni ya swapu ya kawaida atapata namba ndogo kuliko ukweli. Hata pasipo fedha za mwanzo, soko likitarajia riba kupanda miaka ya mbele, anayelipa riba isiyobadilika hutangulia kulipa na hutegemea kupokea baadaye, hivyo kilima chake ni kirefu kuliko cha mwenzake.

Kubwa zaidi ni dhana iliyojificha ndani ya lile zidisho letu. Tulichukua EPE tukaizidisha kwa uwezekano wa mwenzetu kuanguka, kana kwamba vitu hivyo viwili havijuani. Mara nyingi vinajuana. Mwenza mwenye madeni ya riba ya soko, ambaye juu yake anatulipa riba ya soko kwenye swapu, atazidi kuumia riba ikipanda, na ni riba ikipanda ndipo anatudai kidogo na kudaiwa mengi. Anaanguka palepale kilima kinapokuwa kirefu. Halmashauri za Uingereza zilionyesha sura nyingine ya tatizo hilo. Hazikufilisika. Lakini zilikuwa nyingi, zimesimama upande mmoja wa riba, na uhalali wa mikataba yao wote ulitegemea sheria moja. Swali hilo la sheria lilifika mahakamani riba ikiwa 15, baada ya mikataba kuwa mizito kwao. Hakuna sarafu ya kompyuta iliyokuwa inarushwa kwa ajili ya hukumu.

Kamati ya Basel, inayotunga kanuni za mabenki duniani, inalijua pengo hilo. Benki inayotumia hesabu zake yenyewe kupanga mtaji haikubaliwi kuitumia EPE ilivyo. Hutumia aina yake iliyokazwa, ambayo kilima hakiruhusiwi kushuka katika mwaka wa kwanza, kisha huizidisha kwa 1.4. Hiyo 1.4 ni kiraka, na Kamati yenyewe huwaachia wasimamizi wa nchi nafasi ya kudai zaidi. Dawa yenye nguvu zaidi iko nje ya hesabu, nayo ni kudai dhamana. Pande mbili zikikubaliana kwamba kila siku anayedaiwa aweke fedha au hati fungani sawa na thamani ya mkataba, kinachobaki hatarini ni mwendo wa soko katika siku chache kati ya dhamana ya mwisho na kufungwa kwa mikataba. Lehman ilipoanguka, nyumba ya malipo ya LCH ya London ilikuwa na zaidi ya swapu 66,000 zake, zenye jumla ya dola trilioni 9 kwa maandishi. Ilizifunga zote kwa kutumia dhamana ambayo Lehman yenyewe ilikuwa imeiweka.

Westdeutsche haikuwa na dhamana ya Islington. Malodi walitoa hukumu ya kesi yake Mei 1996. Kwa kuwa mkataba haukuwapo kisheria, benki haikuweza kudai thamani yake. Ilirudishiwa zile milioni 2.5 ukitoa yale malipo manne, yaani pauni 1,145,525.93, pamoja na riba ya kawaida isiyozaa riba juu ya riba.